Jibu la kiotomatiki la kutokuwepo ofisini: tarehe ya kurejea na anayeshika ratiba

Jibu la kiotomatiki ni ujumbe mfupi unaoandikwa mara moja na kuhifadhiwa katika mfumo wa barua pepe, ili mfumo huo umrudishie kila anayeandika wakati mwenye anwani hayupo. Kwa kawaida hubeba mambo mawili: siku ambayo mwenye anwani atarejea kazini, na mtu wa kuendewa ikiwa kuna jambo la ratiba lisiloweza kungoja siku hiyo. Ni matini ya sentensi nne au tano, lakini huwapa shida watafsiri na wanafunzi kuliko urefu wake unavyodokeza.

Chanzo cha shida ni wakati. Ujumbe huu huandikwa siku moja na kusomwa siku nyingine, na huenda ukasomwa na watu kadhaa katika siku tofauti. Anayeusoma hawezi kumuuliza mwandishi alikuwa na maana gani, kwa kuwa ameupata kwa sababu mwandishi hayupo. Kwa hiyo neno lolote ambalo maana yake hutegemea siku ya kuandika, au hutegemea msomaji kukisia, huweza kumfikisha mahali pasipo sahihi. Makala haya yanafuatilia mfano mmoja wa kubuni na kuonyesha maneno hayo ni yapi katika Kiswahili.

Mfano

Mratibu wa mafunzo katika taasisi moja ya Dar es Salaam anakwenda likizo. Likizo yake inaanza Jumatatu, tarehe 22 Juni 2026, na siku yake ya mwisho ni Jumatatu, tarehe 6 Julai. Siku inayofuata, Jumanne tarehe 7 Julai, ni Sabasaba, ambayo ni sikukuu ya kitaifa nchini Tanzania. Basi siku yake ya kwanza kazini ni Jumatano, tarehe 8 Julai. Ijumaa mchana, tarehe 19 Juni, kabla ya kufunga ofisi, anaandika hivi:

> Asante kwa ujumbe wako. Kuanzia wiki ijayo nitakuwa nje ya ofisi hadi tarehe 6. Kwa dharura, wasiliana na msaidizi wangu, ambaye atanikaimu. Mikutano yote imesogezwa mbele.

Ujumbe huu hauna kosa la tahajia wala la upatanisho wa kisarufi. Hata hivyo, mkufunzi aliyeko Kampala anayetaka kujua kama kikao chake cha tarehe 7 Julai kipo au hakipo hawezi kupata jibu ndani yake. Na akijaribu kukisia, atakisia vibaya.

“Wiki ijayo” na “nitakuwa”

Mwandishi alipoandika “wiki ijayo” alikuwa na maana ya wiki inayoanza tarehe 22 Juni. Mkufunzi wa Kampala anaupokea ujumbe huo Alhamisi, tarehe 25 Juni. Kwake yeye wiki ijayo ni ile inayoanza tarehe 29. Akiuchukua ujumbe kama ulivyo, ataelewa kwamba mratibu bado yupo ofisini siku hiyo ya Alhamisi, na atashangaa kwa nini hajibiwi. Hali ni hiyohiyo kwa “leo”, “kesho”, “mwezi huu” na “hivi karibuni”: yote ni maneno yanayopimwa kutoka siku ya msemaji, na siku hiyo msomaji haioni.

Kitenzi nacho huangukia katika tatizo lilelile. “Nitakuwa” ni sahihi siku ya Ijumaa ambayo ujumbe uliandikwa, lakini hakuna anayeusoma siku hiyo. Kila anayeupokea anaupokea wakati mwandishi ameshaondoka. Kwa hiyo kauli kuu ya ujumbe inapaswa kuwa katika wakati wa msomaji: “Sipo ofisini.” Wakati ujao ubaki kwa jambo ambalo ni la mbele hata kwa msomaji, yaani kurejea.

Hapa wanafunzi huuliza kama iwe “sipo” au “siko”. Kiambishi -po huelekeza mahali dhahiri, -ko huelekeza mahali pasipo dhahiri au pa jumla, na -mo huelekeza ndani. Ofisi ni mahali panapojulikana, kwa hiyo “sipo ofisini” ndiyo kauli iliyonyooka. “Siko ofisini” husikika sana, hasa Kenya, na haimpotoshi msomaji. “Simo ofisini” ni jambo jingine: husema kwamba mtu hayumo katika chumba chenyewe, na humwachia msikilizaji nafasi ya kudhani kwamba huenda yuko ukumbini.

“Nje ya ofisi”

Katika Kiswahili, “nje ya” hutaja upande wa pili wa ukuta au mpaka. Mtu aliye nje ya ofisi amesimama barazani, chini ya mwembe au penye maegesho ya magari, na anaweza kuitwa. Tena “nje” pekee humaanisha ng’ambo: “yuko nje” mara nyingi hueleweka kuwa yuko nchi nyingine. Msomaji mzoefu wa ofisi ataelewa kinachokusudiwa kwa sababu kauli hii imeenea, lakini kauli ya Kiswahili ipo na ni fupi zaidi: “sipo ofisini”, “nipo likizoni”, “nipo safarini kikazi”.

Kutaja sababu si lazima. Kukitajwa, kuna faida moja ya kimatumizi: “safarini kikazi” humwambia msomaji kwamba mwandishi huenda akafungua barua zake usiku, ilhali “likizoni” humwambia asitegemee hivyo. Ikiwa matumaini hayo hayatatimizwa, ni afadhali sababu isitajwe.

“Hadi tarehe 6”

Hili ndilo kosa linalogharimu zaidi. “Hadi” na “mpaka” huonyesha kikomo, lakini hazisemi kama siku ya kikomo imo ndani ya kipindi au imo nje yake. Hilo huamuliwa na kitenzi na mazoea. Mtu akisema “duka limefungwa hadi Jumatatu”, wengi wataelewa kwamba Jumatatu litafunguliwa. Akisema “nina likizo hadi Jumatatu”, wengi wataelewa kwamba Jumatatu bado anapumzika. Neno ni lilelile, siku ni ileile, na maana zimeachana kwa siku moja nzima.

Katika mfano wetu, msomaji wa kwanza ataelewa kwamba mratibu atakuwepo tarehe 6. Msomaji wa pili ataelewa kwamba atakuwepo tarehe 7. Wote wawili wamekosea, kwa kuwa tarehe 7 ni Sabasaba. Msomaji wa Dar es Salaam huenda akalikumbuka hilo mwenyewe. Wa Kampala au Nairobi hana sababu ya kulikumbuka, kwa kuwa kwao siku hiyo ni ya kazi.

Dawa yake si kuongeza maneno kama “hadi na kujumuisha tarehe 6”. Msomaji hahitaji kujua likizo inaisha lini. Anahitaji kujua ni siku gani atamkuta mtu kazini. Kwa hiyo itajwe siku hiyo yenyewe: “Nitarejea kazini Jumatano, tarehe 8 Julai 2026.” Jina la siku na tarehe huenda pamoja kwa sababu kila kimoja hukikagua kingine. Mwandishi akikosea na kuandika “Jumatano, tarehe 7 Julai”, msomaji mwenye kalenda ataona kwamba viwili hivyo havipatani, naye atajua kwamba anapaswa kuuliza. Tarehe ikiandikwa peke yake, kosa halionekani.

Neno “kazini” katika sentensi hiyo lina kazi yake. “Nitarudi tarehe 6” huweza kueleweka kuwa ni habari ya safari: mtu anarudi kutoka kijijini au ng’ambo siku hiyo, ilhali kazi anaianza siku nyingine. “Kurejea kazini” hufunga mwanya huo.

Mwezi nao uandikwe kwa jina. “6/7” kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni tarehe 6 Julai, lakini kwa aliyezoea mpangilio wa Marekani ni tarehe 7 Juni, na katika mfano huu siku hiyo imekwisha kupita kabla likizo haijaanza.

“Kwa dharura”

Watafsiri wengi huandika “dharura” kwa kila jambo linalohitaji kushughulikiwa upesi. Katika matumizi ya kawaida, dharura ni jambo zito lililozuka bila kutarajiwa: ugonjwa, msiba, ajali, mafuriko. Mtu akisema “nimepata dharura”, anayesikia humpa pole. Mkufunzi anayetaka kusogeza kikao chake kwa siku mbili hana dharura. Akisoma “kwa dharura wasiliana na msaidizi”, mtu mwenye adabu atajizuia, ataona kwamba jambo lake halijafikia uzito huo, na atangoja. Anaposubiri, kikao kinapita.

“Jambo la haraka” ni afadhali, lakini nalo linamwachia msomaji apime haraka yake mwenyewe. Kipimo kilicho wazi ni tarehe ambayo imekwisha kutajwa: “jambo linalopaswa kuamuliwa kabla ya tarehe hiyo”. Mkufunzi wa Kampala hahitaji tena kujiuliza kama jambo lake ni zito. Kikao chake ni cha tarehe 7, mratibu anarejea tarehe 8. Basi anapaswa kumwandikia msaidizi. Ieleweke pia kwamba “kabla ya” haina utata ulio katika “hadi”: kabla ya tarehe 8 humaanisha tarehe 7 na zilizotangulia, wala siku ya 8 haimo.

“Atanikaimu”

Kaimu ni mtu anayeshika madaraka ya cheo kwa muda, wakati mwenye cheo hayupo au nafasi ikiwa wazi. Kaimu Mkurugenzi huweka saini, huidhinisha malipo na kutoa uamuzi kwa mamlaka ya kiti hicho. Makamu ni tofauti: yeye ana cheo chake cha kudumu chini ya mkuu. Na mtu anayefanya jambo moja “kwa niaba ya” mwingine hana kiti wala cheo. Ana ruhusa ya jambo hilo tu.

Msaidizi katika mfano huu ameachiwa shajara: anaweza kupanga kikao, kubadili saa yake na kukifuta. Hawezi kuidhinisha bajeti ya mafunzo. Ujumbe unaposema “atanikaimu”, humtangaza kwa kila anayeandika kuwa mwenye mamlaka yote. Matokeo yake huonekana upesi: msaidizi hupokea maombi ya saini na malipo, huyakataa, na waombaji hudhani wanazungushwa. Kauli sahihi hutaja kazi badala ya cheo: “anashughulikia ratiba yangu”. Ikiwa kuna kaimu wa kweli kwa mambo mengine, atajwe kwa sentensi yake mwenyewe, na mambo hayo yatajwe pia.

“Imesogezwa mbele”

Mtego huu ni wa watafsiri hasa. Katika Kiswahili cha vyombo vya habari, uchaguzi au kesi “iliyosogezwa mbele” kwa kawaida ni ile iliyopelekwa siku ya baadaye. Lakini msomaji anayefikiri kwa Kiingereza, ambamo kauli inayofanana na hiyo humaanisha kufanya jambo mapema zaidi, huweza kuielewa kinyume. “Kurudisha nyuma” nako huwachanganya watu kwa namna hiyohiyo. Mkutano wa tarehe 1 Julai uliosogezwa mbele kwa siku tatu utakuwa tarehe 4 kwa mmoja, na tarehe 28 Juni kwa mwingine.

Kiswahili kina vitenzi visivyo na upande wa mbele wala wa nyuma. “Kuahirisha” ni kupeleka siku ya baadaye. “Kuwahisha” ni kufanya mapema kuliko ilivyopangwa. “Kufuta” ni kuondoa kabisa. Vitenzi hivi vitatu, pamoja na “kupanga”, vinatosha kwa mambo yote ya ratiba.

Ujumbe uliosahihishwa

> Asante kwa ujumbe wako. Sipo ofisini kwa sababu ya likizo. Nitarejea kazini Jumatano, tarehe 8 Julai 2026, nami nitaanza kujibu barua siku hiyo.
>
> Ikiwa kuna kikao au miadi inayopaswa kupangwa, kuwahishwa, kuahirishwa au kufutwa kabla ya tarehe hiyo, tafadhali mwandikie Msaidizi wa Mratibu kwa ratiba@example.org. Yeye anashughulikia ratiba yangu siku za kazi, saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Jumanne, tarehe 7 Julai, ni sikukuu nchini Tanzania na ofisi itafungwa.
>
> Masuala mengine yatasubiri kurejea kwangu.

Mambo matatu katika ujumbe huu yanahitaji maelezo. La kwanza ni anwani ya kazi, yaani `ratiba@example.org`, iliyotumiwa badala ya anwani ya mtu binafsi. Msaidizi akiugua, mwingine ataifungua anwani hiyo, na ujumbe utaendelea kuwa wa kweli bila kuguswa. Palipo na mtu mmoja tu, jina lake litajwe, lakini baada ya kuhakikisha kwamba yeye mwenyewe hana likizo katika siku hizohizo. Hutokea watu wawili wakaelekezana: barua ya kwanza inamtuma mwandikaji kwa wa pili, na barua ya wa pili inamrudisha kwa wa kwanza.

La pili ni saa. “Saa 2:00 asubuhi” kwa msomaji wa Kiswahili ni saa ya pili tangu jua kuchomoza, na neno “asubuhi” huondoa shaka. Ujumbe ukitolewa kwa lugha mbili, toleo la Kiingereza liandike 8:00, si 2:00. Kunakili tarakimu bila kuhesabu upya ni kosa la kawaida katika matini zinazokaa bega kwa bega, na msahihishaji hulipita kwa urahisi kwa sababu namba zinafanana pande zote mbili.

La tatu ni sentensi ya mwisho. Inaonekana kavu, lakini inamlinda msaidizi. Bila hiyo, mwenye ombi la malipo atalituma kwenye anwani ya ratiba kwa kuwa ndiyo anwani pekee aliyopewa.

Tarehe tatu, si moja

Baada ya maneno kurekebishwa, hubaki kisanduku cha mfumo wenyewe. Katika Gmail, jibu la kiotomatiki huwekewa siku ya kuanza na, kwa hiari, siku ya mwisho, `Last day`. Siku ya mwisho imo ndani ya kipindi: jibu huendelea kutumwa mpaka dakika ya mwisho ya siku hiyo, na hukoma usiku wa manane. Mratibu akijaza tarehe 8 Julai, kwa kuwa ndiyo iliyo katika ujumbe wake, basi siku nzima ya Jumatano atakuwa mezani pake huku mfumo ukiwaambia watu kwamba hayupo. Akijaza tarehe 6, siku ya mwisho ya likizo, watakaoandika siku ya Sabasaba hawatapata jibu lolote. Inayofaa ni tarehe 7. Kwa hiyo kuna tarehe tatu zisizopaswa kuchanganywa: 6 ni mwisho wa likizo na ni ya ofisi ya utumishi, 7 ni mwisho wa kutokuwepo na ni ya kisanduku, 8 ni ya kurejea na ndiyo pekee anayoihitaji msomaji.

Kosa likishatumwa, kulisahihisha ni kazi ngumu. Mifumo ya barua pepe haimjibu mtu yuleyule kila anapoandika. Gmail, kwa mfano, humngoja kwa siku nne kabla ya kumtumia tena jibu lilelile. Mwandishi akiubadili ujumbe katikati ya likizo, aliyekwisha kupata toleo la kwanza atalipata jipya akiandika tena tu. Asipoandika tena, atabaki na ile tarehe aliyosoma mwanzo. Kwa sababu hiyo, mwandishi na afanye jaribio kabla ya kuondoka: atume barua kutoka anwani yake nyingine, kisha amwombe mwenzake asome jibu na ataje siku ya kurejea na aina ya jambo ambalo angempelekea msaidizi. Mwenzake akisita katika lolote kati ya hayo mawili, sentensi husika iandikwe upya.